ED ya siku 7 yenye muhuri uliofifia: nitajuaje kama ni ya kweli?

"Daktari, nasimamia wafanyakazi 23 kwenye kiwanda kidogo cha kufungasha unga hapa Morogoro. Mmoja hakufika kazini Jumatatu tarehe 8 Septemba 2025, wala hakupiga simu. Alhamisi akanitumia kwa Watsapu picha ya ED, yaani karatasi ya mapumziko ya ugonjwa, kutoka zahanati: siku 7 kuanzia tarehe 8, lakini karatasi imeandikwa tarehe 10. Haina jina la ugonjwa, muhuri umefifia, na aliyesaini ni tabibu, si daktari. Nilipiga namba iliyo juu ya karatasi, mwanaume akapokea akasema 'ndiyo ni yetu, huyo ana taifodi kali'. Mhasibu wetu anasema ni feki, nimkate mshahara na kumfukuza. Nitajuaje ukweli, na ED halali inatakiwa iwe na nini?"

Dada, nianze na hiyo simu, maana imenishtua kuliko muhuri. Namba uliyopiga uliitoa kwenye karatasi ileile unayoitilia shaka. Anayeghushi ED huweza kuandika namba ya rafiki yake, na rafiki hupokea na kukubali haraka. Halafu mtu huyo akakutajia ugonjwa wa mgonjwa, wewe ambaye hakujui wala hajakuona. Mtumishi wa afya anayeijua kazi yake hafanyi hivyo. Simaanishi kwamba mfanyakazi wako ameghushi. Zahanati nyingi ndogo hutumia simu ya mtumishi mmoja, na wapo watumishi wanaoropoka. Ninachosema ni kwamba simu ile haikukupa jibu, si la ndiyo wala la hapana. Iweke kando kana kwamba hukuipiga, na hiyo taifodi usimwambie mhasibu wala mtu mwingine yeyote pale kiwandani, kama bado hujamwambia.

Sasa hayo mengine. Nimekuwa mganga mfawidhi wa kituo cha afya kwa miaka mingi, na siku hizi nahudumia wafanyakazi wa viwanda, kwa hiyo karatasi hizi nimeziandika na nimeletewa nizikague. Vitu vitatu vilivyompa mhasibu wenu uhakika ndivyo nisivyovipa uzito.

Tabibu kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, haikuweka fomu moja ya cheti cha ugonjwa. Inachoangalia ni nani amekitoa: mtaalamu wa tiba aliyesajiliwa, au mtaalamu mwingine wa tiba anayekubaliwa na mwajiri, na mwajiri haruhusiwi kumkataa huyo wa pili bila sababu ya msingi. Zahanati zetu nyingi, za serikali na za binafsi, zinaendeshwa na matabibu. Wamesomea kutambua na kutibu magonjwa, na wanasimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika kama wanavyosimamiwa madaktari. Mfanyakazi anayeishi mtaa wenye zahanati moja, ambayo mtu wake mkubwa ni tabibu, hawezi kuambiwa kwamba cheti chake ni batili kwa kuwa hakwenda hospitali ya mkoa kutafuta daktari. Karatasi ya muuza duka la dawa ni habari nyingine kabisa. Huyo anauza dawa, hapimi mtu na kumtoa kazini.

Jina la ugonjwa nalo kutokuwepo si kasoro. Mara nyingi ni dalili kwamba aliyeandika anajua wajibu wake. Ugonjwa ni siri ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. ED inapita mikononi mwa msimamizi, karani na mhasibu, na mara nyingine inabandikwa kwenye faili ambalo kila mtu ofisini analifungua. Unachohitaji wewe kama mwajiri ni kujua kama mtu huyu anaweza kufanya kazi, tangu lini hadi lini, na akirudi kama kuna kazi asiyoiweza. Nimeona ED nyingi zilizoandikwa ugonjwa, kwa mazoea au kwa kuwa mgonjwa mwenyewe alikubali, na hizo pia ni halali. Lakini kumkatalia mtu kwa sababu ugonjwa haukutajwa ni kumdai kitu ambacho si chako.

Kwenye kiwanda chako kuna jambo moja la pekee, kwa kuwa mnafungasha chakula. Mtu mwenye ugonjwa unaoenea kwa chakula hatakiwi kurudi kwenye unga mpaka aliyemtibu aseme anafaa. Hata hapo usiulize "anaumwa nini?" Muulize aliyemtibu swali hili: "Je, anafaa kurudi kwenye kazi ya kushika chakula, na kuanzia tarehe ngapi?" Tabibu anaweza kulijibu kwa mstari mmoja bila kutaja ugonjwa. Swali hilo una haki nalo, na unapaswa kuliuliza awe ameghushi au hajaghushi.

Muhuri kufifia ni wino tu. Kile kidau cha wino kwenye zahanati hukauka kwa wiki nzima kabla mtu hajakumbuka kununua kingine. Mwandiko mbaya, karatasi ya kawaida badala ya fomu iliyochapwa, jina la kituo lililogongwa kwa muhuri badala ya kuchapishwa juu, hayo yote nimeyafanya mimi mwenyewe siku ambazo fomu zilikuwa zimekwisha na foleni imefika nje.

Kwa hiyo nini kinatakiwa kiwemo? Ninapoandika ED ninayojua itasimama mbele ya mwajiri yeyote, naweka jina la kituo na mahali kilipo, majina matatu ya mgonjwa kama yalivyo kwenye kadi yake, na namba ya faili au ya mahudhurio. Kisha naandika tarehe niliyomwona na tarehe niliyoandika karatasi, ambazo kwa kawaida ni moja. Naandika kwamba hawezi kufanya kazi, au anaweza kazi nyepesi tu, na naitaja kazi yenyewe nyepesi: asinyanyue mzigo, asisimame zamu nzima. Idadi ya siku naiandika kwa tarakimu na kwa maneno, halafu naongeza tarehe ya mwanzo na ya mwisho: "siku 3 (tatu), kuanzia tarehe 10 hadi 12 Septemba 2025, arudi kazini tarehe 13." Mwisho naweka jina langu linalosomeka, cheo changu, namba yangu ya usajili, sahihi na muhuri wa kituo.

Siku zinaandikwa mara mbili kwa sababu hapo ndipo karatasi ya kweli inapoharibiwa. Wakati fulani nililetewa ED kutoka kampuni moja wakiomba nithibitishe siku 12. Muhuri ulikuwa wetu, sahihi ilikuwa ya kijana wangu wa zamu, na mgonjwa yupo kwenye daftari. Ila kwenye daftari tulimpa siku 2. Mtu alikuwa ameweka moja mbele ya mbili kwa kalamu ya bluu iliyokaribia ile ya kwanza. Ukiigeuza karatasi ukaitazama dhidi ya mwanga, ile moja ilikuwa na mkandamizo tofauti, nyembamba, ya mtu anayeogopa. Kama kijana wangu angeandika "mbili" kwa maneno na tarehe ya kurudi, mchezo ule usingewezekana.

Ya kwako inasema siku 7 kuanzia tarehe 8. Zinaishia Jumapili tarehe 14, na anatakiwa kazini Jumatatu tarehe 15. Kama kwenye karatasi kuna tarehe ya kurudi na si hiyo, basi hapo una swali la kuuliza. Kama tarehe hiyo haipo, ni upungufu wa mwandishi, si kosa la mgonjwa.

Tarehe mbili, ya 8 na ya 10, ndizo zenye maana zaidi katika uliyonieleza, na zinaweza kusomeka kwa njia mbili. Mtu huanza kuugua Jumatatu, akanunua dawa dukani akijipa moyo, akashindwa, akaenda zahanati Jumatano. Hilo hutokea kila siku. Tabibu mwangalifu angeandika: "Nimemwona leo tarehe 10. Anaeleza kwamba alianza kuugua tarehe 8. Apumzike hadi tarehe 14." Hapo anashuhudia alichokiona yeye mwenyewe kuanzia tarehe 10, na za nyuma anazieleza kama maneno ya mgonjwa. Tabibu asiye mwangalifu huandika tu "siku 7 kuanzia tarehe 8". Karatasi yake si feki, ila kwa Jumatatu na Jumanne haina nguvu ileile, maana hakuna mtaalamu aliyemwona siku hizo. Unaweza kuzipokea kwa busara, au ukamwomba mfanyakazi azielezee. Kilicho haramu ni kuandika tarehe 8 juu ya karatasi iliyoandikwa tarehe 10. Mwandishi wa karatasi yako hakufanya hivyo. Aliweka tarehe halisi. Mtu aliyekusudia kudanganya angeandika tarehe 8 moja kwa moja, kwa hiyo mimi jambo hili nalihesabu upande wa mfanyakazi.

Jambo la kwanza la kufanya ni kuomba karatasi yenyewe. Picha ya Watsapu inatosha kukujulisha kwamba mtu anaumwa, haitoshi kukaguliwa. Ikifika, iweke mezani penye mwanga wa jua. Muhuri wa mpira huacha wino usiolingana: pembeni mwingi, katikati kidogo, na kingo zake hunywea kwenye nyuzi za karatasi. Muhuri uliochapwa kwa printa ya rangi unalingana kila mahali, na ukiusogeza karibu na jicho au ukaukuza kwa kamera ya simu unaona vidoa vidogo vya rangi kadhaa badala ya wino mmoja. Tazama pia muhuri na sahihi vinapokutana. Kalamu huacha mfereji. Pitisha kidole nyuma ya karatasi utausikia. Kama sahihi ni laini pande zote, huenda umepewa nakala ya skana.

Kipo kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vingine, kama unazo ED nyingine za zahanati hiyohiyo kwenye mafaili. Chukua mbili, zilalishe moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha mchana, na ulinganishe mihuri. Mkono wa binadamu haugongi muhuri mara mbili kwa mwinamo uleule, na wino uleule ukikosekana kwenye herufi ileile. Mihuri miwili ikilingana kabisa, hadi ule upungufu wa wino, ujue zote zimetoka kwenye picha moja. Kampuni moja waliniletea karatasi tatu za wafanyakazi watatu tofauti. Zote zilikosa mguu wa herufi R mahali palepale, tena kwa mwinamo uleule.

Lakini macho yana mwisho wake. Karatasi mbovu inaweza kuwa ya kweli, na karatasi safi kabisa inaweza kuwa ya uongo. ED ni mkia wa ziara, na ziara huacha alama kituoni. Mgonjwa anapofika anaandikishwa mapokezi, anapewa namba, analipa na kupewa risiti au anaonyesha kadi ya bima, anaonwa, na anaandikwa kwenye daftari la wagonjwa wa nje, lile wanaloliita kitabu namba 5 cha MTUHA, au kwenye mfumo wa kompyuta kama kituo kina mfumo. Hapo ndipo ukweli ulipo, na njia ya kuufikia ni barua kwa mganga mfawidhi.

Anwani ya zahanati usiitoe kwenye karatasi. Ulizia ofisi ya Mganga Mkuu wa Manispaa kama kituo hicho kimesajiliwa na kiko wapi, au tafuta kwenye orodha ya vituo ya Wizara ya Afya, au nenda mwenyewe kwa miguu kama kiko mtaa wa jirani. Aliyesaini naye, Baraza la Madaktari Tanganyika lina daftari la waliosajiliwa, na jina lake linaweza kuulizwa huko. Kisha mwombe mfanyakazi ridhaa ya maandishi, mistari miwili tu, kwamba anaruhusu kituo kithibitishe karatasi yake bila kutaja ugonjwa. Barua iwe fupi:

"Tumepokea kutoka kwa mfanyakazi wetu karatasi ya mapumziko ya ugonjwa ya tarehe 10/09/2025. Nakala yake tumeiambatisha pamoja na ridhaa yake. Tunaomba mtuthibitishie mambo matatu: kama karatasi hii imetolewa na kituo chenu, kama aliyesaini ni mtumishi wenu aliyekuwa kazini siku hiyo, na kama tarehe na idadi ya siku zinalingana na kumbukumbu zenu. Hatuombi taarifa za ugonjwa wala za matibabu."

Barua ya namna hii nilikuwa naijibu siku ileile, kwa sababu haikuniweka kwenye kona. Iliyoandikwa "tunaomba maelezo kamili ya ugonjwa wa mtajwa" nilikuwa nairudisha. Mfanyakazi akikataa kutoa ridhaa, usiandike kwenye faili kwamba amekiri. Wapo watu wanaoficha ugonjwa ambao hata mke au mume hajaambiwa. Mweleze tena kwamba ugonjwa hautaulizwa, muonyeshe barua yenyewe kabla haijatumwa. Wengi hulegea wakiisoma.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana ndipo nilipoona mtu akionewa. Mwajiri mmoja alipiga simu kituo nilichokuwa nikifanya kazi, karani wa mapokezi akafunua daftari, akasema, "Hayumo." Dada yule akafukuzwa kazi ndani ya wiki. Alipokuja kwangu analia, nilikaa na madaftari mchana mzima. Alikuwemo. Alikuja usiku akitokwa na damu, mimba imeharibika, kwa hiyo hakuandikwa kwenye daftari la wagonjwa wa nje. Aliandikwa kwenye daftari la wazazi, tena kwa jina la baba na babu, bila jina alilolitumia kazini. Karani hakudanganya. Alifungua daftari moja kati ya mengi. Kliniki ya mama na mtoto ina lake, meno wana lao, dharura wana lao, waliolazwa wana lao. Na majina yetu yanaandikwa kwa namna nyingi: Mwanaidi na Mwanahidi ni mtu mmoja, ila kwenye daftari ni wawili.

Ndiyo maana "hayumo" ya simu haimfukuzishi mtu kazi. Jibu la kutegemea ni la maandishi, lenye jina na cheo cha aliyetafuta, linalosema ametafuta wapi, na kama jina la aliyesaini ni la mtumishi wao. Mfanyakazi pia anaweza kusaidia: risiti ya malipo, kadi ya kliniki, pakiti ya dawa iliyoandikwa jina na tarehe, ujumbe wa muamala wa simu alioutumia kulipa. Mwombe kwa upole alete alichonacho. Aliyekwenda zahanati kweli huwa na kipande kimojawapo mfukoni au kwenye simu.

Majibu ya kituo yatakuangukia katika moja ya hali tatu, na kila moja ina njia yake. Wakisema karatasi si yao kabisa na aliyesaini hawamjui, hiyo ni ya kughushi. Wakisema ni yao lakini siku zimebadilishwa, mtu aliugua kweli kisha akajiongezea. Ni udanganyifu, ila uzito wake si uleule, na siku za kweli anastahili kulipwa. Hali ya tatu ndiyo ngumu: karatasi ni yao, sahihi ni ya mtumishi wao, lakini mgonjwa hakuonwa na mtu. Imetolewa kwa urafiki au kwa pesa. Hapo muhuri ni halisi na wino ni halisi, na kipimo cha dirishani hakikusaidii. Dalili yake ni sahihi ipo na daftari halina kitu kwa njia yoyote ya kutafuta, au wafanyakazi wako wanne wanaoishi mitaa tofauti wote huugulia kwa tabibu mmoja, kila mara mwisho wa mwezi. Ukifika hapo, tatizo lako kubwa ni yule mtumishi, na malalamiko yake yanapelekwa kwa Mganga Mkuu wa Manispaa na kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, ukiambatisha nakala.

Kuna waajiri wanaofikiri kwamba wakimpeleka mfanyakazi kwa daktari wa kampuni, ukweli utajulikana. Naomba nikuambie kwa uaminifu kama daktari ninayefanya kazi hiyo: mtu akija kwangu Jumatatu tarehe 15 akiwa amepona, siwezi kukuambia kwamba Jumatano iliyopita hakuwa mgonjwa. Kuhara, kipandauso, homa iliyotibiwa, mgongo uliokaza, hayaachi kitu cha kuonekana baada ya siku tano. Ninachoweza ni kukuambia kama leo anafaa kazi. Kwa hilo mlete, kwa gharama ya kampuni.

Kuhusu mshahara, sheria inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mwajiri halazimiki kulipa kama mfanyakazi hakuleta cheti cha ugonjwa. Wako ameleta karatasi, na shaka yako haijathibitishwa. Ushauri wangu ni kwamba mwezi huu umlipe, siku 7 uziandike kama likizo ya ugonjwa inayosubiri uthibitisho, na umjulishe hivyo kwa maandishi. Jibu likija vibaya, siku hizo zitageuka utoro na utazishughulikia kwa utaratibu. Ukikata sasa halafu karatasi ikawa ya kweli, umejitengenezea mgogoro juu ya siku ambazo sheria ilikuambia ulipe.

Kumfukuza leo kama mhasibu anavyotaka, hapana kabisa. Kughushi cheti ni udanganyifu mkubwa, unaweza kumwachisha mtu kazi na ni jinai pia. Lakini anayetakiwa kuthibitisha ni mwajiri. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka kwanza ufanye uchunguzi, kisha umpe tuhuma kwa maandishi kwa lugha anayoielewa, umpe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na aje na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake kwenye kikao. Aliyemchunguza asiwe ndiye anayemhukumu. Kwenye kiwanda cha watu 23 hilo ni gumu, kwa hiyo mwombe mwenye kampuni au mtu wa nje asimamie kikao. Ukiruka hatua hizi, mfanyakazi ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na anaweza kushinda hata kama karatasi ilikuwa ya uongo.

Kutopiga simu Jumatatu hadi Alhamisi ni kosa linalojitegemea. Kama kanuni zenu zinamtaka mfanyakazi atoe taarifa siku ya kwanza, na alikuwa na uwezo wa kupiga au kumtuma mtu, unaweza kumwonya kwa hilo bila kugusa ED. Ila muulize kwanza. Mtu mwenye homa kali anaweza kulala siku mbili bila kushika simu.

Yapo mambo ambayo usiyamalize kwa kusoma jibu langu. Kituo kikikujibu kwa maandishi kwamba karatasi si yao, kabla hujaandika hati ya tuhuma kaa na wakili wa kazi, au na Chama cha Waajiri Tanzania kama mmejiunga, au umwone afisa kazi wa hapo mkoani. Mfanyakazi akirudi na kusema ugonjwa wake umetokana na kazi, kwa mfano kifua kinachobana kila anapokaa kwenye vumbi la unga, acha habari ya muhuri na ufuate taratibu za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na umpeleke apimwe na daktari. Na kama atarudi Jumatatu amekonda, anatetemeka, na karatasi yake inaonekana ya uongo, mpeleke hospitali kwanza. Nimemwona kijana aliyenunua ED kwa sababu aliogopa kupimwa. Karatasi ilikuwa ya uongo, ugonjwa ulikuwa wa kweli.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi akifika, mkaribishe ofisini peke yake. Mpe pole, pokea karatasi halisi, mpe ile ridhaa aisome na kuisaini, na muulize alikwenda zahanati saa ngapi na alionwa na nani. Andika majibu yake kwa maneno yake. Asiguse unga siku hiyo. Mpe kazi ya stoo au ya kuhesabu magunia mpaka tabibu ajibu lile swali la kushika chakula. Barua peleka kwa mkono, ukasainiwe kwenye nakala kwamba imepokelewa, na uombe jibu ndani ya siku saba za kazi. Ukitaka kuniandikia tena, nieleze kituo kimejibu nini, ila jina la mfanyakazi usilitaje.